Gome la mwerebi badala ya aspirini ya mama: je, salisini ikiingia mwilini inakuwa aspirini?

Mwana_Raskazone (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Bi mkubwa wangu ana miaka 68. Mwaka jana alipata kiharusi, damu iliganda kichwani, Mungu akasaidia akainuka. Daktari akamwanzishia aspirini ndogo ya miligramu 75, anakunywa kila siku asubuhi baada ya chai.

Sasa kaka yangu aliye nje ametuma kopo la vidonge vya gome la mwerebi. Lebo inasema kila kidonge kina salisini miligramu 120, na mtu anywe viwili kwa siku. Kaka anasisitiza kwamba aspirini asili yake ni mti huo huo, kwa hiyo mama aache vidonge vya hospitali vinavyomchoma tumbo, ahamie kwenye gome. Mama mwenyewe kashafurahi, maana dawa za miti anaziamini kuliko kitu kingine.

Sijaruhusu bado. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinachotokea mwilini hatua kwa hatua. Salisini inageuka kuwa aspirini au haigeuki? Nikijua hilo nitaweza kuongea na kaka, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na siwezi kumkatalia bila hoja.

---

Jasiri_Makorora

Kaka yako yuko sahihi. Salisini ikifika tumboni inakatwa na asidi, inakuwa asidi ya salisiliki, na hiyo ndiyo aspirini. Kiwandani wameiboresha tu isichome sana. Mababu wa Ulaya walitafuna gome hilo kabla viwanda havijakuwepo na homa zikashuka. Mpe mama gome, mwezi mmoja utaona tofauti.

---

Mfamasia_Ngamiani

Jasiri, nusu ya maneno yako ni kweli. Nusu nyingine inaweza kumrudisha mama wa mwenzetu wodini, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Salisini ni molekuli ya vipande viwili: upande mmoja ni glukosi, sukari ya kawaida kabisa, na upande wa pili ni kitu kinachoitwa saligenini. Asidi ya tumbo haiwezi sana kukata kifungo kinachovishikanisha. Salisini nyingi inapita tumboni ikiwa nzima, inashuka hadi kwenye utumbo, na huko bakteria wanaoishi ndani yetu ndio wanaofanya kazi kubwa ya kuing'oa ile glukosi. Saligenini inayobaki inafyonzwa na kuingia kwenye damu. Ikifika kwenye ini inaoksidishwa: ule mkia wake ambao kikemia ni alkoholi unageuzwa kuwa asidi. Hapo ndipo asidi ya salisiliki inapozaliwa.

Na safari ya kutengeneza inaishia hapo hapo. Ini haliendelei mbele kuigeuza asidi ya salisiliki kuwa aspirini. Linachofanya baadaye ni kuifungasha ili figo ziitoe kwa mkojo. Kwa hiyo Mwana, jibu la swali lako ni hapana: mtu akinywa gome, ndani ya damu yake haitapatikana aspirini hata chembe.

Sasa fuata hesabu hii, maana ndiyo itakayokusaidia kwa kaka yako. Uzito wa molekuli ya salisini ni 286, wa asidi ya salisiliki ni 138, wa aspirini ni 180. Vidonge viwili vya kaka ni miligramu 240 za salisini. Zikigeuka zote bila kupotea hata kidogo, 240 mara 138 gawanya kwa 286, unapata kama miligramu 116 za asidi ya salisiliki. Aspirini ya mama ya miligramu 75 nayo ikivunjika yote inatoa asidi ya salisiliki kama miligramu 57 na nusu.

Umeona? Kwa upande wa asidi ya salisiliki, gome linaizidi aspirini ya mama karibu mara mbili. Hata ukitoa ile inayopotea njiani, bado gome halitakuwa nyuma. Kama kinachozuia damu yake kuganda kingekuwa asidi ya salisiliki, kaka yako angekuwa na haki. Lakini siyo hiyo inayofanya kazi.

---

Mwana_Raskazone

Shukrani sana mkuu. Hapo umenishika. Sasa kama aspirini nayo ikivunjika inatoa asidi ile ile, tena kidogo kuliko gome, kinachofanya kazi ni nini?

---

Mfamasia_Ngamiani

Ni kile kipande kidogo ambacho aspirini inacho na asidi ya salisiliki haina: kundi la asetili. Kaboni mbili, haidrojeni tatu, oksijeni moja. Ukitaka kuiona kwenye karatasi, asidi ya salisiliki ni C7H6O3 na aspirini ni C9H8O4.

Ndani ya seli zetu kuna kimeng'enya kinaitwa saiklooksijenesi, maabara wanafupisha wanasema koksi. Kiko cha aina mbili, koksi-1 na koksi-2, na kila kimoja kina mfereji mwembamba. Asidi moja ya mafuta, ya arakidoniki, inaingia kwenye mfereji ule na kutoka ikiwa malighafi ya prostaglandini, hizi zinazoleta maumivu, uvimbe na homa. Kwenye zile chembe sahani za damu, malighafi hiyo hiyo inageuzwa kuwa thromboksani, na thromboksani ndiyo inayoziita chembe sahani zishikane na kuganda.

Aspirini ikiingia kwenye mfereji wa koksi-1 inakutana na asidi amino moja iitwayo serini, ya 530 ukihesabu kwenye mnyororo wa kimeng'enya. Inaivua asetili yake na kuibandika kwenye serini ile kwa kifungo cha kikemia kamili. Kisha ile asidi ya salisiliki iliyobaki inatoka na kwenda zake. Asetili haitoki. Ni kama ufunguo uliokatikia ndani ya kitasa: aliyeukata ameshaondoka, lakini mlango haufunguki tena. Kimeng'enya kile kimekwisha, na mwili ukitaka kingine lazima utengeneze kipya.

Asidi ya salisiliki ya gome inaweza kufika karibu na mfereji ule na kusumbua kidogo, lakini haina cha kubandika. Inaingia, inatoka, na kimeng'enya kinarudi kazini.

Kwa nini hili ni kubwa zaidi kwa chembe sahani kuliko kwa seli nyingine? Seli ya ukuta wa mshipa ina kiini. Koksi yake ikifungwa, ndani ya saa kadhaa inatengeneza nyingine. Chembe sahani haina kiini. Ni kipande tu kilichomeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho, kinaishi siku 7 hadi 10 kwenye damu. Ikishapigwa asetili, itabaki hivyo mpaka ife. Ndiyo maana miligramu 75 tu, mara moja kwa siku, zinatosha. Tena sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye damu inayotoka utumboni kwenda kwenye ini, kabla aspirini haijafika hata mwilini kwingine.

---

Jasiri_Makorora

Nakusikia mkuu, lakini kuna kitu hukijibu. Hilo gome lina watu waliopona maumivu ya mgongo, na mimi ni mmoja wao. Nilitumia wiki kadhaa nikaacha dawa za maumivu. Kama haifungi hiyo koksi, maumivu yaliondoka vipi?

---

Mfamasia_Ngamiani

Sikukanushi kuhusu mgongo wako. Vidonge vya gome vyenye salisini miligramu 240 kwa siku vimejaribiwa kwa watu wenye maumivu ya mgongo, wakilinganishwa na wanaopewa kidonge kitupu, na waliopewa gome walipata nafuu zaidi. Swali lako ni zuri, na ukweli ni kwamba mpaka leo wataalamu hawajakubaliana.

Shida iko kwenye kiasi. Wanaotibu uvimbe wa viungo kwa salisileti, yaani dawa za jamii ya asidi ya salisiliki, wanatafuta kama miligramu 150 hadi 300 kwenye kila lita ya damu. Mtu aliyekunywa salisini miligramu 240, alipopimwa damu, kilele chake kilikuwa kama miligramu 1 na kidogo kwa lita. Iko chini mara mia na zaidi. Kwa hiyo asidi ya salisiliki peke yake haitoshi kueleza nafuu uliyoipata. Wapo wanaosema ni polifenoli na tanini zilizomo kwenye gome ndizo zinazosaidia. Wapo wanaosema asidi ya salisiliki inazuia seli isitengeneze koksi-2 tangu mwanzo, badala ya kuifunga ikishatengenezwa, ingawa hilo nalo maabara mara nyingi limeonekana kwa viwango vikubwa kuliko vya gome.

Lakini maumivu ya mgongo ni jambo moja, na kumkinga aliyepata kiharusi ni jambo jingine. Chembe sahani za waliotumia gome zilipojaribiwa, uwezo wake wa kushikana ulishuka kidogo tu. Waliotumia aspirini miligramu 100 ulishuka sana. Mama wa Mwana anahitaji ule wa kushuka sana.

---

MamaSule_Pangani

Jamani samahanini nachomekea. Mimi natumia aspirini ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo, na wiki ijayo nang'olewa jino. Nilipanga siku hiyo nisinywe asubuhi, nikang'olewe mchana, maana dawa itakuwa imeshatoka mwilini. Nimesoma hapa mpaka nimeogopa. Ina maana haitoki?

---

Mfamasia_Ngamiani

Pole dada, na usiogope. Dawa inatoka upesi, ila kazi yake inabaki. Tuchukue asubuhi yako ya jana. Umekunywa saa mbili. Kila baada ya dakika 15 hadi 20 aspirini iliyo kwenye damu inapungua nusu. Ikifika saa nne asubuhi haijabaki hata asilimia 2. Asidi ya salisiliki iliyotokana nayo inapungua nusu kila saa mbili au tatu kwa dozi ndogo kama yako, kwa hiyo mpaka kesho yake nayo imekwisha. Ukipimwa damu utaonekana hujanywa kitu.

Lakini chembe sahani zako zilizopigwa asetili jana bado zinazunguka. Uboho unaleta mpya kama moja ya kumi kila siku. Kuruka kidonge cha asubuhi moja kunakupa sehemu moja ya kumi ya chembe nzima, zilizobaki ziko vile vile. Hutakuwa umepunguza damu ya jino kwa maana yoyote, ila utakuwa umeanza kujiondolea kinga ya moyo.

Kwa jino la kawaida, madaktari wa meno kwa kawaida hawamwachishi mtu aspirini ndogo. Wanakandamiza kwa pamba muda mrefu zaidi, au wanashona. Mwambie tu kabla hajaanza kwamba unaitumia, na umtajie kama umewekewa waya kwenye mshipa wa moyo, maana kwa mtu wa namna hiyo kuacha ghafla ni hatari kubwa. Usiamue peke yako.

---

MamaSule_Pangani

Ahsante kaka, Mungu akuzidishie. Waya sina. Nitamwambia.

---

Kijana_Chumbageni

Wakuu mnazungumzia muarobaini au mti gani? Kwetu bibi anachemsha majani ya muarobaini kwa homa na yanafanya kazi. Ina maana nao una salisini?

---

Msambaa_wa_Amani

Hapana ndugu, muarobaini ni mti mwingine kabisa, na uchungu wake unatokana na vitu vingine. Wanazungumzia mwerebi, ule wa kando ya mito. Kwenye Biblia umetajwa, mierebi ya vijitoni.

Lakini kuna historia hapa inayotuhusu sisi wa milimani. Huku Amani Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 walipanda miti ya sinkona, ile ya kwinini. Gome la sinkona ni chungu na linatibu malaria. Uchungu huo huo ndio uliompeleka kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, kwenye mwerebi. Alionja gome la mwerebi akashangaa lilivyokuwa chungu, akafikiria sinkona, iliyokuwa ghali kwa sababu ilitoka Peru. Akakausha magome kwenye mfuko juu ya tanuri la mwoka mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, akayasaga, akawapa watu kama 50 wenye homa za vipindi. Barua yake ilisomwa mwaka 1763.

Homa zilishuka. Na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, sisi watu wa Tanga. Kwinini inaua vimelea vya malaria. Asidi ya salisiliki haiui, inashusha joto tu. Mgonjwa akiwa na vimelea kwenye damu, akanywa chai ya mwerebi, jasho likamtoka akajiona kapona, vimelea vinaendelea kula damu yake. Gome mbili zenye uchungu unaofanana, kazi mbalimbali kabisa. Homa ni kwenda kupima, siyo kuonja.

---

Kijana_Chumbageni

Nimekuelewa mzee wangu. Kwa hiyo nikiwa na homa bora nimeze aspirini kabisa niende kupima kesho yake?

---

Mfamasia_Ngamiani

La, tafadhali usifanye hivyo. Unakumbuka dengue ya mwaka 2019? Dar na hapa kwetu Tanga ndiko ilikoshika. Dengue inashusha idadi ya chembe sahani, mtu anaweza kuvuja damu. Sasa chembe chache zilizobaki ukazipiga asetili, na hazitarudi kwa siku kadhaa hata ukitapika na kuacha dawa, unamwongezea mgonjwa hatari. Homa ambayo hujaijua, tumia parasetamoli kwa kipimo chake, nenda kapime. Na watoto wenye homa za virusi wasipewe aspirini, kuna madhara ya ini na ubongo yasiyo ya kawaida lakini ni mabaya sana.

---

Mwalimu_wa_Kemia_Muheza

Habari za asubuhi wadau. Nimefurahi kuona kemia inaongelewa hivi. Naomba niongeze jambo la vitendo, kwa sababu kwa unyevu wetu wa pwani linamhusu Mwana moja kwa moja.

Ile asetili inayofanya kazi yote ndiyo pia sehemu dhaifu ya aspirini. Maji yakiigusa, hata mvuke wa hewani, kidogo kidogo inang'oka. Kinachobaki ni asidi ya salisiliki na asidi asetiki, yaani asidi ya siki. Kwa hiyo vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti, vikawekwa kwenye kikopo jikoni au juu ya friji, ukifungua baada ya muda unasikia harufu ya siki. Wakati mwingine unaona vichembe vyembamba vinang'aa juu ya kidonge. Kidonge cha namna hiyo kimeshapoteza kile kinachompa mama kinga. Kimekuwa jirani wa gome la kaka.

Kwa wanafunzi tunaonyesha hivi. Tunasaga kidonge, tunakitikisa kwenye maji kidogo yenye spiriti, tunadondosha matone ya myeyusho wa kloridi ya chuma, FeCl3. Asidi ya salisiliki inatoa rangi ya zambarau papo hapo, kwa sababu kundi lake la fenoli liko wazi na linaikamata chuma. Kwenye aspirini asetili imekalia mahali hapo hapo, kwa hiyo kidonge kizima kinatoa rangi hafifu au hakitoi kabisa. Kile cha kunuka siki kinageuka zambarau iliyokolea. Wanafunzi wanaona kwa macho kwamba dawa imeharibika hata kama kidonge kwa nje bado cheupe.

---

Jasiri_Makorora

Mwalimu, basi na chai ya gome si itatoa zambarau? Hiyo ndiyo njia ya kujua kama kopo la kaka yake ni la kweli au feki.

---

Mwalimu_wa_Kemia_Muheza

Nilidhani hivyo hivyo wengi watajaribu, na matokeo yake yanapotosha. Salisini yenyewe haitoi zambarau. Ile glukosi imefungwa kwenye oksijeni ya fenoli, mahali pale pale ambapo aspirini ina asetili, kwa hiyo chuma haina pa kushika. Ukiichemsha kwanza na asidi au ukatumia kimeng'enya cha kung'oa sukari, ndipo fenoli inafunguka.

Lakini chai ya gome ina tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma inatoa rangi nyeusi yenye ubuluu au ukijani. Mtu anaona giza kwenye bomba la majaribio anasema salisini hiyo. Chai ya majani ya kawaida, hii ya dukani, nayo itafanya giza hilo. Mtu akitaka kujua kiasi halisi cha salisini kwenye kopo lile lazima ipelekwe maabara yenye mashine ya kutenganisha kemikali. Na magome yenyewe yanatofautiana sana, aina moja ya mwerebi ina salisini chini ya asilimia 1, nyingine inaizidi mara nyingi. Lebo ikisema 120, unaiamini lebo tu.

---

Mwana_Raskazone

Mwalimu umenifungua macho. Nimeenda kuangalia sasa hivi. Vidonge vya mama dada yangu alivitoa vyote kwenye karatasi zake akavijaza kwenye chupa ya zamani ya vitamini ili mama asihangaike kubandua. Inakaa juu ya meza karibu na birika. Nimefungua na kunusa, harufu ya siki ipo kabisa. Kumbe huenda miezi hii mama ameshakuwa anakunywa kitu ambacho siyo aspirini kamili?

---

Mfamasia_Ngamiani

Kwa harufu peke yake siwezi kukwambia imeharibika kiasi gani, inawezekana sehemu kubwa bado ipo. Lakini usibahatishe kwa mtu aliyepata kiharusi. Chupa hiyo usiitumie tena, irudishe famasia waiteketeze, na leo hii chukua pakiti mpya yenye karatasi za kubandua. Kila asubuhi abanduliwe kimoja, vingine vikae kwenye vifuko vyake mbali na mvuke wa jikoni. Na daktari wake aelezwe jambo hili kwenye kliniki ijayo, asifichwe.

Halafu hilo tumbo linalomchoma tusilipuuze. Koksi-1 ile ile inatengeneza prostaglandini zinazolinda ukuta wa tumbo. Aspirini ikiifunga, ute unaolinda unapungua, na asidi inapata njia. Kunywa baada ya chakula kunapunguza mchomo, lakini hakuondoi hatari ya kidonda, kwa sababu hata aspirini iliyopitia kwenye damu inafika pale. Daktari anaweza kumwongezea dawa ya kupunguza asidi. Mkiona choo cheusi kinachonata na chenye harufu kali, au akatapika kitu kinachofanana na damu, siku hiyo hiyo hospitali.

---

Jasiri_Makorora

Mimi bado nasema gome lina nafasi yake, kwa mgongo wangu sitaacha. Ila kwa mama yake Mwana, hapo nakubali asihamishwe. Swali langu la mwisho: kwa nini asinywe vyote viwili, aspirini asubuhi na gome jioni kwa magoti?

---

Mfamasia_Ngamiani

Kwa mtu wa miaka 68 aliye na tumbo linalochoma, sitamshauri aongeze kitu kingine cha jamii ya salisileti bila daktari wake kujua. Hatari ya kutoka damu inaongezeka, na faida yake kwa magoti haina uhakika. Na ambaye aspirini inamletea pumu au vipele, gome nalo akae nalo mbali.

---

Mwana_Raskazone

Wakuu, nimeongea na kaka kwa simu jana usiku. Ile hesabu ya 116 na 57 ndiyo iliyomkalisha, akaniambia nimsomee mara mbili. Amekubali. Pakiti mpya nimenunua, mama ameanza leo.

Limebaki moja. Magoti yanamsumbua kweli, na akizidiwa huwa anameza ibuprofeni ya dukani asubuhi mapema akiamka, saa kumi na mbili, ndipo anakunywa chai na aspirini saa mbili. Hiyo nayo ina shida?

---

Mfamasia_Ngamiani

Ina shida, na umefanya vyema kuuliza, kwa sababu watu wengi wanafanya hivyo bila kujua. Ibuprofeni nayo inaingia kwenye mfereji ule ule wa koksi-1. Yenyewe haibandiki kitu, inakaa tu kwa saa kadhaa kisha inatoka. Lakini wakati imekaa, aspirini ya saa mbili inafika ikakuta mahali pamejaa, haiwezi kuifikia serini. Kwa kuwa aspirini haidumu kwenye damu, mpaka ibuprofeni ije kuachia, aspirini imeshakwisha. Chembe sahani mpya za siku hiyo zinabaki kazini kana kwamba hakunywa kitu, na akirudia siku baada ya siku kinga inazidi kupungua.

Mpangilio ukibadilika mambo yanabadilika. Aspirini ya kawaida inywewe kwanza, na ibuprofeni isimezwe mpaka ipite angalau nusu saa. Ikiwa ameshatangulia ibuprofeni, basi aspirini isubiri zaidi ya saa 8. Haya ni kwa dozi ya mara moja moja, na kwa aspirini isiyo na gamba la kuyeyukia utumboni. Yenye gamba inachelewa kufyonzwa, muda huo hauaminiki. Na kwa tumbo lake, mimi ningemtaka daktari amwangalie kama parasetamoli inamtosha kwa magoti kabla ya kuendelea na ibuprofeni hata kwa mpangilio mzuri.

Pakiti uliyonunua imeandikwa ina gamba au haina?

---

Mwana_Raskazone

Nimegeuza pakiti, ina gamba. Basi ibuprofeni naiondoa nyumbani leo, na Jumatatu nampeleka kliniki nikaulize kuhusu magoti na tumbo kwa pamoja.